Mtahiriwa wa Malaika

Kwa miaka arobaini niliamini kwamba nilizaliwa nikiwa nimeshatahiriwa. Wala sikuishia kuamini. Nilijivuna kwa hilo, nikawasimulia watu ambao hawakuniuliza.

Nina kibanda cha kunyolea hapa Mbuchi, kwenye delta ya Rufiji, chenye paneli ya sola juu ya paa na kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki. Mtu akishafungwa shuka shingoni na wembe ukiwa karibu na sikio lake hana pa kukimbilia, kwa hiyo wengi wameisikia habari yangu. Kwamba mama alijifungulia mjini kwa shangazi yake, akarudi nami kijijini nimeshatimiza siku arobaini, na bibi mzaa baba aliponifunua anikogeshe akakuta kazi imeshafanyika. Mama akasema nimezaliwa hivyo hivyo, malaika wameshapita. Nilikuwa nikifika hapo naongeza kuwa hata baadhi ya mitume inasemekana walizaliwa vile, kisha nanyamaza kidogo ili mteja aunganishe mwenyewe.

Faida yake niliiona mapema. Wenzangu walipopelekwa jandoni, mimi nilibaki nyumbani nakula wali wa nazi. Wao walikatwa kwa kisu cha ngariba wakiwa wamekalishwa juu ya kinu, ngoma zikipigwa kwa nguvu ili mama zao wasisikie vilio. Wakalala chali kumbini, yaani kwenye ua wa jando, wiki kadhaa, wakila chakula kisicho na chumvi, wakifundishwa nyimbo na mafumbo. Walipotoka wakawa na siri zao. Mtu mzima akiimba nusu ya wimbo, wao walimalizia nusu ya pili huku wakichekeana. Mimi nilicheka pamoja nao bila kujua ninacheka nini, na nikajiambia kwamba aliyehudumiwa na malaika hana haja ya mafumbo.

Mambo yalianza kuniharibikia mwaka huu, baada ya mavuno ya mpunga, kijiji kilipoamua kuwaingiza watoto jandoni. Mwanangu Abdulkarimu, tunayemwita Karimu, ana miaka kumi, na kwake malaika hawakupita. Siku hizi ngariba hakati tena. Mzee Mwinyimvua, ambaye ndiye nyakanga, yaani mkuu wa jando letu, alishaukataza ule mtindo zamani. Matabibu wanakuja kutoka Kibiti, wanawakata watoto kwenye zahanati kwa sindano ya ganzi, kisha watoto wanapelekwa kumbini kufundwa huku wanapona. Mke wangu Zawadi alikubali mara moja, na mimi nikakubali kwa hotuba ndefu.

Kwenye kikao cha wazazi, Mzee Mwinyimvua akaeleza utaratibu. Kila baba atamwingiza mwanawe kumbini mwenyewe, amkabidhi kwa kungwi wake, na atakuwa akienda kumtazama. Ila asiyewahi kulala kumbini haingii. Akasema hayo bila kunitazama, lakini wenzangu wote walinitazama.

Nilisimama nikaeleza hali yangu, kana kwamba kuna mtu asiyeijua. Nikasema kama kazi ya binadamu inampa mtu ruhusa ya kupita, kazi ya malaika ingepaswa kumpa hata kiti. Mzee Mwinyimvua alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nasibu," akasema, "malaika hatuna ugomvi nao. Lakini malaika walikufundisha nini?"

Nikakaa.

Kesho yake nikaenda kwa Shehe Ismaily, nikitafuta fatwa ya kunipitisha. Nilimkuta akitengeneza baiskeli. Nilitumaini atakasirika kwa niaba ya dini, lakini alinieleza kwa utulivu huku anatia mnyororo mafuta. Khitani, alisema, ni katika mambo ya fitra, maumbile safi ambayo Mungu amemwumbia mwanadamu. Iko pamoja na kupunguza masharubu, kukata kucha, kunyonyoa kwapa na kunyoa sehemu za siri, kwa hiyo mimi kinyozi niielewe vizuri zaidi kuliko wengine. Nabii Ibrahimu aliamrishwa akajitahiri mwenyewe akiwa mzee mwenye mvi, na sisi tunafuata njia yake. Kwetu Mashafii ni wajibu, kwa sababu mkojo unaobaki chini ya govi unaharibu tohara, na bila tohara sala haisimami. Ndiyo maana hata jina la tendo lenyewe ni tohara. Wengine humtahiri mtoto siku ya saba, wengine humngoja akue kidogo, muhimu asifike baleghe kabla ya kutahiriwa. Na aliyezaliwa bila govi hana cha kukatwa, wajibu umemwondokea.

Nikamwambia basi aje anisemee hayo kwa Mzee Mwinyimvua.

"Sheria inasema huna deni kwa Mungu," Shehe akajibu. "Ila ua wa kumbi aliujenga Mwinyimvua, siyo Mungu. Mwombe yeye."

Nilirudi kibandani nimenuna, na mteja niliyemkuta ananisubiri alikuwa Asheri. Huyu ni Mganda wa Mbale, mtaalamu wa kunenepesha kaa, ambaye amekuja kuwafundisha watu wa delta kufuga kaa kwenye vizimba. Ni Myahudi. Alipofika mara ya kwanza hatukumwamini, maana ni mweusi kama sisi, mpaka tulipoona hali kambamiti wala kaa anaowanenepesha, na Ijumaa jua likikaribia kuzama anaacha kila kitu. Alitueleza kuwa babu zake waliishika dini hiyo miaka mia iliyopita na hawajaiachia.

Nilimfunga shuka nikamsimulia habari yangu yote, ya malaika na ya ua. Nilitegemea astaajabu. Yeye akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya mkaa, kwamba jambo hilo linajulikana kwao na lina utaratibu wake.

Kwao, alisema, mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane. Hata siku ya nane ikiangukia Sabato hawaahirishi, ila mtoto akiwa mgonjwa hungojwa apone. Mtoto hupakatwa na mzee anayeheshimiwa, kiti kingine huachwa wazi kwa ajili ya Nabii Eliya, na mtahiri hukata. Baba husoma dua ya kumshukuru Mungu aliyewaamrisha kumwingiza mwana katika agano la Ibrahimu. Waliohudhuria hujibu kwamba kama alivyoingia katika agano, vivyo hivyo aingie katika Torati, katika ndoa na katika matendo mema. Hapo ndipo mtoto hupewa jina, na tone la divai hutiwa mdomoni mwake. Siyo usafi wanaoutafuta kwanza. Ni mkataba ambao Mungu aliwekeana na Ibrahimu, na alama yake imewekwa mwilini ili mtu asiweze kuivua kama nguo.

"Na aliyezaliwa kama mimi?"

"Huyo anachomwa kidogo pale pale, linatoka tone moja la damu. Basi. Ngozi haipo, lakini agano bado linataka kutiwa saini."

Kisha akanieleza kuhusu majirani zao Wagisu, ambao wanatahiri vijana wakubwa, hadharani, kila mwaka wa namba shufwa. Kijana hupakwa unga uliochachuka, akasimama wima mbele ya ukoo mzima, na akipepesa macho tu aibu itamfuata mpaka uzeeni. Mtu wao anaweza kuwa alitahiriwa hospitali, msafi kabisa, na bado wakamhesabu mtoto, kwa sababu hakusimama. Asheri mwenyewe alitahiriwa akiwa wa siku nane, akakua akitaniwa na vijana wa Kigisu kwamba alilala usingizi siku ya mtihani.

Sikusikiliza sana hiyo ya Wagisu, ingawa ndiyo iliyonihusu zaidi. Mimi nilishalishika lile tone. Nilimnyoa Asheri upande mmoja vizuri na upande mwingine haraka, nikafunga kibanda, nikaenda kwa Mzee Mwinyimvua kumpelekea suluhu. Tone moja la damu mbele ya mashahidi, kisha nakaa na watoto nisikilize mafunzo. Nilidhani atakataa. Akafikiri, akasema vizuri, matabibu wakija kupima watoto waniangalie na mimi, wao ndio wanaojua pa kuchoma.

Siku ya vipimo nilisimama kwenye foleni ya zahanati nikiwa mrefu kuliko wote. Tabibu aliitwa Haruna, kijana mpole mwenye ndevu nilizoziona zinahitaji mkono wangu. Alimpima Karimu uzito na joto, akamwangalia kama njia ya mkojo iko mahali pake, maana ikiwa pembeni mtoto hakatwi, ile ngozi inahitajika baadaye kumtengeneza. Akaniuliza kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kutokwa na damu bila kukatika. Nikamjibu kwamba ukoo wetu haujawahi kuwa na tatizo la namna hiyo, tena ukoo wetu, kama hajasikia, ni ule ambao malaika... Nikamsimulia. Watoto kwenye benchi walikuwa wanaijua hadithi, wakawa wananisaidia sehemu nilizoziruka.

Haruna akaniingiza nyuma ya pazia, akavaa glavu, akaangalia. Akaangalia tena kwa tochi ya simu.

"Mzee, nani alikwambia ulizaliwa hivi?"

"Mama."

"Kuna kovu hapa, limezunguka pande zote. Na hivi vidoa pembeni yake ni alama za nyuzi. Ulikatwa na mtu, ukashonwa, na alishona vizuri sana." Akavua glavu. "Aliyezaliwa bila govi hawi na hivi."

Nilimwuliza kama malaika hawawezi kuwa wameshona. Naona haya kuandika kwamba nilimwuliza hivyo, na kwamba sikuwa natania. Akasema yeye malaika hakusomea. Na kuhusu tone la damu, akasema hamchomi mtu mzima bila sababu ya tiba.

Nilivaa suruali, nikatoka, nikapita mbele ya benchi lile la watoto. Karimu aliniuliza kama nimechomwa. Nikasema wataalamu bado wanajadiliana.

Mama yangu, Bi Tabu, anaishi Maparoni kwa dada yangu. Nilipata boti asubuhi iliyofuata. Njia nzima nilipanga maneno makali, nikamkuta anapepeta mchele, nikamwamkia, na maneno makali yote yakaisha. Nikamwambia tu kwamba tabibu ameona nyuzi.

Hakuacha kupepeta. Akasema alijua siku hiyo ingefika, ila alidhani ingefika mapema zaidi.

Halafu akanisimulia kuhusu Saidy, kaka yake. Jina hilo nililijua kama la mjomba aliyekufa mdogo, kwa homa, hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Haikuwa homa. Saidy aliingia kumbini na wenzake, akakatwa kama wenzake, lakini damu yake haikukatika. Waliweka majani, wakaweka majivu, wakamfunga kwa kitambaa. Nje ngoma zikaendelea kupigwa. Mama alikuwa msichana wakati huo, na alikuwa mmoja wa waliokuwa wakicheza na kupiga vigelegele, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Kwa desturi, mama wa mtoto aliyefia kumbini hakupewa maiti. Siku ya kutoka, wengine walipokea watoto wao na bibi yangu akapewa sahani ambayo Saidy alikuwa akilia chakula, imevunjwa vipande viwili. Hapo ndipo alipojua.

Mama alipobeba mimba yangu alisema moyoni kwamba akipata mwanamume hataingia mle. Alikwenda kujifungulia mjini kwa shangazi yake makusudi. Siku ya saba, siku ambayo dini inaruhusu, alinipeleka hospitali, na daktari akanikata huku yeye ameshika miguu yangu. Lakini zama zile kumwambia nyakanga kwamba mtoto ametahiriwa hospitali hakukusaidia kitu. Wangenichukua hivyo hivyo na kunikwaruza upya, kwa sababu tohara ya hospitali waliiona ni ngozi tu.

"Ilibidi nitafute mtu ambaye nyakanga hawezi kumpinga," mama akasema. "Binadamu wote walikuwa chini yake. Nikasema malaika."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia nilipokuwa mtu mzima. Akaweka ungo chini.

"Ulikuwa unaipenda mno hiyo habari, mwanangu. Ukianza kuisimulia unang'aa. Sisi wanawake tulikuwa tunaambizana, mwacheni."

Ndipo nilipogundua kwamba wanawake wote wa rika la mama walikuwa wanajua. Bibi mzaa baba alijua. Mama mkwe wangu alijua, na Zawadi alikuja kukiri kwamba aliambiwa kabla ya posa. Kwa miaka yote nilikuwa nawasimulia waume zao, wanarudi nyumbani wanawasimulia wake zao, na wake zao wanainama jikoni kuficha nyuso.

Ningeendelea kujionea aibu siku nzima, ila swali la Haruna lilinirudia. Mtu aliyetokwa na damu bila kukatika. Nilikuwa nimemjibu kwa majivuno kwamba hayupo, na Karimu alikuwa akatwe siku inayofuata. Nilikosea namba mara mbili, mama akanibonyezea.

Haruna alinisikiliza bila kunikaripia. Akauliza Saidy alikuwa ndugu wa upande gani. Nikasema mjomba, kaka yake mama kwa tumbo moja. Akasema ugonjwa wa damu isiyoganda mara nyingi hupitia kwa akina mama. Wanaubeba wenyewe bila kuumwa, kisha unawatokea watoto wao wa kiume. Kwa hiyo hatari ya kwanza ilikuwa mimi.

"Mwulize mama," akasema, "siku ulipokatwa ulitoka damu nyingi?"

Nilimpa mama simu. Akasema damu ililowesha kitambaa kimoja tu, ikakatika kabla hajamaliza kuninyonyesha. Haruna akashusha pumzi, hata mimi niliisikia. Basi, akasema, mimi sina ugonjwa huo, na baba ambaye hana hawezi kumrithisha mwanawe. Hata hivyo atampima Karimu damu Kibiti kwanza, na hatamkata mpaka apate majibu.

Nilikaa kwenye mkeka pembeni ya ungo. Kovu lile ambalo siku moja kabla nililiona limenivua nguo mbele ya kijiji, ndilo lililokuwa ushahidi pekee kwamba mwanangu yuko salama. Kama kweli ningezaliwa kama nilivyodai, hakuna mtu ambaye angejua damu yangu inagandaje. Nililia kidogo. Mama akasema nisilie juu ya mchele.

Majibu ya Karimu yalikuwa mazuri. Kabla hajakatwa, nilikwenda kwa Mzee Mwinyimvua kumweleza yote, nikiwa nimejiandaa kuchekwa. Nilipolitaja jina la Saidy aliinama. Alikuwa naye, alisema. Walikatwa siku moja, wakalala mkeka mmoja. Yeye ndiye aliyeamka akakuta mkeka umelowa. Alipokabidhiwa unyakanga, jambo la kwanza alilofanya ni kukichukua kisu cha ngariba na kukitupa mtoni, na wazee wenzake walimkasirikia mwaka mzima.

Nikamwambia tabibu amekataa kunitoa lile tone, sasa sijui tutafanyaje.

"Damu ya kwenu tulishaipokea," akasema. "Ilikuwa nyingi. Wewe njoo ukae."

Basi nikaingia. Karimu alichomwa ganzi kwenye shina, akakatwa, akashonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, akafungwa bendeji, akatembea mwenyewe kwa kutanua miguu hadi kumbini, nami nyuma yake nimebeba mkeka wake na wangu. Kungwi wangu alikuwa Mshamu, kijana ambaye nimekuwa nikimnyoa tangu anaota meno. Alinifundisha kwa ukali kupita kiasi, nadhani kwa sababu ya mitindo ya nywele niliyowahi kumfanyia. Tulifundishwa kuoga janaba, na kutoingia chumba cha wazazi bila hodi, ambalo kwa umri wangu nililipokea upande wa pili, kama mzazi aliye chumbani. Tulifundishwa kuwa mtu akikuita kazini hutakiwi kurudi nyuma, na kwamba maumivu ya mwenzako siyo kitu cha kuchekesha. Mafumbo yalinishinda. Karimu aliyashika upesi akawa ananinong'oneza majibu, na Mshamu akatugombeza wote wawili.

Nyimbo zile ambazo wenzangu walikuwa wakichekeana sasa nazijua. Nyingi hazichekeshi. Moja ilitungwa na Mzee Mwinyimvua, inamtaja kijana aliyelala na hakuamka, na wari, yaani wanaofundwa, wote huimba wakiwa wamekaa kimya, bila ngoma.

Siku ya kutoka tulikogeshwa mtoni, tukavishwa kanzu mpya, kumbi likachomwa moto nyuma yetu nasi tukaambiwa tusigeuke. Mama za wari walikuwa wamejipanga njiani kupokea watoto wao. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, natazama miguu yangu kwa haya, nikitumaini watu watakuwa wameshatawanyika. Mama alikuwa amekuja kwa boti kutoka Maparoni, amevaa khanga mpya sare moja na wenzake ambao watoto wao hawakufika kiunoni kwangu. Aliwapita Zawadi na Karimu, akaja mpaka kwangu, akanishika uso kwa mikono miwili akanitazama kama anayehakikisha. Kisha akapiga kigelegele, kirefu, kwa sauti ya kizee iliyokatika katikati, akavuta pumzi, akakimalizia.